Fremu kwa fremu, vipande au mkaa: uchague ipi kuchora simulizi ya mtu uliyemrekodi

Shangazi yangu alikulia Ukerewe, akaja kuolewa Mwanza, na kwa miaka mingi ameuza samaki pale Mwaloni Kirumba. Mwaka jana nilimrekodi dakika 52 akisimulia furu, wale samaki wadogo wadogo waliokuwa wamejaa ziwani kabla sangara hajashika hatamu. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 60, ila upande wetu alikuja kuchachamaa miaka ya 80, na aina nyingi sana za furu zikapotea, zingine mpaka leo hazijaonekana tena. Sasa hapo ndo penyewe, kitu anachokisimulia huwezi kwenda kukishuti na kamera kwa sababu hakipo. Na yeye mwenyewe alishakataa sura yake isionekane, sauti tu. Kwa hiyo ikabaki kuchora.

Swali lililonisumbua ni kuchora kwa namna gani. Nilijaribu njia tatu kwenye kipande kilekile cha sauti, sekunde 10 kila moja, na naziweka hapa zikiwa pembeni kwa pembeni ili mwenye rekodi ya bibi yake au mzee wa mtaani asianze kama nilivyoanza mimi, kwa kuchagua njia kwanza halafu ndo asikilize sauti.

Njia zenyewe ni hizi. Fremu kwa fremu, yaani kila mwendo unachora upya, karatasi mpya au leya mpya, mchoro mmoja unakaa fremu mbili kwahiyo sekunde moja ya fremu 24 inakula michoro 12. Ya pili ni vipande, unachora mtu mara moja tu, unamkata kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, unaviunga kwenye viungo, halafu unamsogeza kama kikaragosi, mi nilifanya kwenye OpenToonz, programu ya bure ya kutengeneza katuni, ila hata karatasi ya kukata na mkasi juu ya meza inakubali. Ya tatu ni mkaa: karatasi moja kubwa ukutani, simu kwenye stendi mbele yake, unachora, unapiga picha, unafuta kidogo, unachora tena, unapiga picha. Shoti nzima ni karatasi moja.

Kabla ya kulinganisha chochote, sauti iwe imeshakatwa na imefungwa. Hili nalisema kwa uchungu maana nilichora sekunde 6 halafu nikaona sentensi ile haifai nikaitoa, michoro 72 ikaenda kapuni. Mi nilichapa maneno yote ya shangazi na dakika zake pembeni, nikapiga mstari chini ya yanayobaki, kutoka dakika 52 nikafika dakika 4. Na siku ya kurekodi usisahau kumwomba mtu anyamaze dakika nzima mkiwa mmekaa hapohapo, unarekodi ule ukimya wa chumba, feni, kuku wa nje, ziwa kwa mbali. Ukikata maneno utabaki na mashimo, na shimo la ukimya mtupu sikio linalishtukia hapohapo, unalijaza na ule ukimya wa chumba. Na kama nyumba ni ya bati, mvua ikianza simamisha, subiri iishe, programu za kutoa mvua ya kwenye bati juu ya sauti ya mtu mara nyingi zinamharibu na mtu mwenyewe.

Haya, tuanze na muda, kwa sababu ndo kitu cha kwanza kila mtu anachouliza.

Dakika 4 ni sekunde 240. Fremu kwa fremu ni michoro 2,880. Mimi mchoro mmoja wa penseli na wino, pamoja na kuuskani, unanichukua kama dakika 10, kwahiyo ni masaa 480. Ukikaa mezani masaa 5 kwa siku ni siku 96. Kweli kuna sehemu picha inatulia na huchori, tuseme nusu ya filamu, bado ni siku 48 za kazi tupu, na mimi nina kazi nyingine ya mchana.

Mkaa nilidhani utakuwa mzito zaidi, kumbe hapana. Nilipiga picha 8 kwa sekunde, kila picha inakaa fremu 3, na badiliko moja la kufuta na kuchora ni kama dakika 3. Ni dakika 24 kwa sekunde moja ya filamu, kwahiyo sekunde 240 ni masaa 96, ongeza kama masaa 40 ya kuandaa karatasi ya kila shoti, unafika 136. Vipande vyenyewe vinakuhadaa mwanzoni, kwa sababu siku 4 za kwanza unatengeneza kikaragosi tu na hamna hata sekunde moja ya filamu, siku 9 zingine za mandhari, halafu ukianza kumsogeza unatembea sekunde 12 kwa siku. Ni siku 33, kama masaa 165. Hizo ni namba za mkono wangu, wako utakuwa na zake, jipime kwa sekunde 10 halafu uzidishe. Ila cha kuona hapo ni kwamba mkaa na vipande havijapishana sana, kwahiyo muda peke yake hautakuamulia. Utakachokiondoa kwa hesabu hiyo ni fremu kwa fremu kwa filamu nzima kama uko peke yako.

Kitu kilichoniamulia mimi ni kukosea.

Nilitengeneza kipande cha mwanzo, shangazi akiwa msichana anatoka ziwani na furu kichwani. Nikamchora amebeba ndoo. Nikampelekea aone, nikampa shikamoo, nikaweka simu mbele yake. Akaangalia mara mbili, akasema, "Baba, hii ndoo umeitoa wapi? Sisi ndoo ya plastiki tungeitolea wapi, tulikuwa na tenga. Na maji yalikuwa yanachuruzika mgongoni mpaka nyumbani." Mimi kwenye dakika 52 nilimsikia anasema "tulibeba" nikajaza mwenyewe ya kubebea. Na usidhani ni kitu kidogo, mtu wa Ukerewe wa rika lake akiona ile ndoo haamini tena kitu kingine kwenye filamu nzima.

Sasa angalia gharama. Kwenye vipande nilichora tenga moja, nikalibandika pale ilipokuwa ndoo, na fremu zote za ile shoti zikabadilika zenyewe. Dakika 40 na kazi imeisha, nikaongeza na matone ya maji mgongoni. Ingekuwa fremu kwa fremu, shoti ya sekunde 7 ni michoro 84 ya kurudia, au angalau kufuta ndoo na kuchora tenga mara 84 huku pembe ya kichwa inabadilika kila mchoro. Ingekuwa mkaa, shoti imekufa. Kabisa. Ule mchoro wa mwanzo haupo tena, umeshafutwa na kuchorwa juu yake mara hamsini, unarudi karatasi tupu.

Kwahiyo jiulize, msimuliaji wako yupo hai na atakuja kuangalia? Maelezo yake yana vitu vingi vya kipindi, nguo, vyombo, mitumbwi, nyumba za aina gani? Kama ndiyo, vipande viwe ndo msingi. Na kwa njia yoyote ile, mwonyeshe michoro ya haraka haraka kwanza, picha moja ya penseli kwa kila shoti imewekwa juu ya sauti yake, kabla hujachora kitu cha kudumu. Mimi shangazi alinikamata makosa 5, na manne kati yake nilikuwa sijayawazia kabisa, mojawapo ni kwamba furu walianikwa juu ya mawe, mimi nimechora kichanja.

Ila vipande vina ugonjwa wao na ugonjwa huo unaonekana mtu akinyamaza.

Kuna mahali shangazi anasema, "Wakaanza kupungua," halafu ananyamaza sekunde 5. Sekunde 5 nzima, unasikia anavuta pumzi, halafu anamalizia, "Ikafika unashinda ziwani unapata sita." Watu wengi wangeikata ile kimya, mi naona ndo moyo wa simulizi yote. Kwenye vipande, kikaragosi kikisimama tu kinakuwa mdoli, macho yako yanaanza kuona viungo, bega limeungwa hapa, shingo imeungwa pale. Ukimsogeza sogeza ili asiwe mfu anaonekana ana kiherehere. Fremu kwa fremu inalimudu hili kwa ujanja wa zamani, unachora picha ileile mara tatu, unazizungusha 1, 2, 3, 1, 2, 3, mistari inakuwa inatetemeka kidogo kama kitu kinachopumua. Michoro mitatu tu inakubebea sekunde 5, ni nafuu na inapendeza.

Lakini mkaa hapo, jamani. Nilichora karatasi imejaa furu, mamia, madume yana mabaka, majike ya kijivu, halafu kwenye zile sekunde 5 nikawa nafuta mmoja mmoja kwa kifutio na kitambaa. Mkaa haufutiki wote, anabaki kivuli. Mwisho wa ukimya karatasi ina samaki sita weusi na vivuli vya wengine wote bado vipo nyuma yao. Sikupanga, karatasi ndo iliyofanya. Picha 40, masaa mawili. Ile shoti ingechorwa kwa njia zingine mbili samaki angetoweka tu, pu, hayupo.

Shoti ya pili niliyoipeleka kwenye mkaa ni ya kubanika. Shangazi anaeleza kwamba sangara ana mafuta mengi, ukimwanika juani kama furu anaoza kabla hajakauka, ikabidi wajifunze kumbanika kwa moshi na kuni zikaanza kutafutwa mbali. Moshi kwa mkaa unachora kwa kiganja, unapaka tu na kusogeza. Moshi kwa vipande ni mateso, utatengeneza mawingu ya karatasi yanayoteleza.

Masharti ya mkaa ni ya mwanga, na hapa ndo wengi wanapoharibikiwa. Usitumie mwanga wa dirisha, hata kidogo. Wingu likipita juu ya ziwa wewe huoni tofauti lakini kamera inaona, na picha zikikimbia filamu inakuwa inamwekamweka kama taa inayotaka kuungua. Funga dirisha kwa blanketi, weka taa mbili za pembeni zisizosogezwa, vaa nguo nyeusi maana shati jeupe linarudisha mwanga kwenye karatasi kila ukisogea. Kwenye simu zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe: mwanga, rangi na fokasi, vyote uviweke kwa mkono na usiviguse mpaka shoti iishe. Na shoti uimalize kwa kikao kimoja. Mimi umeme ulikatika nikiwa picha ya 31 kati ya 80, uliporudi jioni nikaendelea, na ukiangalia ile shoti unaona kabisa karatasi ilivyolegea kwa unyevu na kushuka kama milimita mbili, inaruka. Nikaanza upya siku ya pili. Tangu hapo napiga shoti fupi, sekunde 5 hadi 7, nisije nikapoteza siku nzima.

Kila baada ya picha 20 hivi simama uangalie kama mwanga haujacheza. Weka picha kwenye folda moja, zipe majina yenye namba zinazofuatana, picha_0001.jpg, picha_0002.jpg, na kipande cha sauti cha ile shoti kiite sauti.wav, halafu kwenye kompyuta endesha amri hii ya ffmpeg, programu ya bure inayounganisha picha na sauti kuwa video:

```
ffmpeg -framerate 8 -i picha_%04d.jpg -i sauti.wav -vf scale=1920:-2 -r 24 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac jaribio.mp4
```

Hiyo 8 ni picha kwa sekunde, kama ni fremu kwa fremu weka 12. Usiangalie mchoro, angalia kona ya karatasi. Kona ikiwa inapumua, inang'aa inafifia, kuna kitu kwenye kamera bado kinajirekebisha. Kona ikiruka, stendi au karatasi imesogea.

Basi fremu kwa fremu inabaki na kazi gani? Inabaki na kitu ambacho umbo lake linabadilika, kikaragosi hakiwezi na mkaa unakuwa mchafu mno. Kwangu ilikuwa sentensi moja. Shangazi anasema walipokuwa watoto walikuwa wanamkamata furu jike, wanamshika mkononi, na anatema watoto mdomoni, wadogo kama punje za ulezi, wakimrudisha majini watoto wanamrudia wanaingia mdomoni. Na ni kweli, majike ya furu wengi wa ziwani hapa hulea mayai na watoto mdomoni. Ile nilichora yote kwa mkono, sekunde 14, michoro 168, masaa 28. Kiganja cha mtoto kinafunguka, mdomo unafunguka, vidoti vinamwagika, vinatawanyika, vinageuka, vinarudi. Huwezi kuifanya kwa mkono uliokatwa vipande vitatu, kiganja lazima kilainike. Na kwa sababu filamu yote iliyobaki haina mwendo laini kiasi kile, ukifika pale macho yanaamka. Ungechora zote hivyo ile sentensi isingekuwa na upekee wowote.

Kwa hiyo filamu yangu ya sekunde 240 imekaa hivi: vipande 150, mkaa 60, fremu kwa fremu 14, na 16 zilizobaki ni skrini nyeusi, sauti tu. Hizo nyeusi usiziogope. Mwanzo kabisa anaposema jina la kijiji chao na kucheka, hamna mchoro, na kila niliyemwonyesha alisogea karibu na simu.

Ukichanganya njia, kuwe na kitu kimoja kinachozishika pamoja la sivyo itaonekana filamu tatu zimeunganishwa. Mimi nilichukua karatasi ya aina moja, ile ya kaki ya kufungia, nikaiskani ikawa mandhari ya vipande na ya fremu kwa fremu pia, na rangi moja tu zaidi ya nyeusi, bluu ya dume la furu. Nilijaribu kuongeza nyekundu na njano, maana madume yalikuwa na rangi hizo pia, ikawa kama tangazo la khanga nikazitoa.

Kuna kosa linalogusa njia zote tatu, nalo ni kuchora neno lilelile linalosemwa. Akisema mtumbwi unachora mtumbwi, akisema mvua unachora mvua. Kwa sekunde 20 inakubalika, baada ya hapo mtazamaji anakuwa anasikia kitu mara mbili na anaacha kusikiliza. Vipande ndo vinakuvuta sana huko kwa sababu ukishakuwa na mtumbwi uliotengenezwa unatamani kuutumia. Dawa niliyoipata ni kuuliza kila shoti, hapa yeye alikuwa wapi na alikuwa anaangalia nini? Anaposema bei ya sangara ilivyopanda, sikuchora hela wala mzani, nilichora mikono yake inaparua magamba, kwa sababu alisema mikono ilikuwa inauma usiku. Na midomo isichorwe ikisema maneno. Sauti ni ya mtu mzima wa leo, aliyechorwa ni msichana wa miaka tisa, ukimsogeza midomo unamfanya mtoto aongee na sauti ya bibi na mtu anaanza kutazama kama inaendana badala ya kusikiliza.

Kama nikuchagulie kwa haraka kutokana na rekodi uliyonayo: msimuliaji anayetaja watu wengi na vitu vingi, anaongea bila kupumzika, chukua vipande. Msimuliaji wa taratibu mwenye vituo virefu, anayeongelea kitu kilichopotea au mahali palipobadilika, ziwa lililokula ufukwe, mtaa uliobomolewa, chukua mkaa, ila uwe na chumba unachoweza kukifunga wiki kadhaa bila watoto kuingia. Fremu kwa fremu peke yake uichukue kama filamu haizidi dakika moja, au mko watatu wanne na mnachora mkono unaofanana, na huo mkono unaofanana ni shida kuliko mnavyodhani, mpeane kila mmoja shoti zake badala ya kugawana mchoro. Na kama kuchora kwenyewe ndo unaanza, chukua sentensi moja tu ya rekodi, ile uliyomsimulia mtu mwingine siku ileile uliyorekodi, ifanye kwa mkaa Jumamosi moja. Kifutio, kitambaa cha pamba, stendi ya simu, taa mbili, na mkaa hata wa jikoni unafaa, chagua vijiti vyembamba vilivyoiva vizuri visivyokwaruza karatasi.